Mkopo wa Mwalimu Gichovi

Ednah Ruguru alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake kazini: hakuiamini kompyuta mpaka penseli ikubali. Kampuni ndogo ya intaneti aliyoifanyia kazi mjini Embu ilikuwa na mashine ya kupiga bili zote kwa dakika tatu, wateja mia nne na zaidi. Lakini kila mteja aliyebadilisha kifurushi katikati ya mwezi, Ednah alimtoa pembeni, akachukua karatasi iliyotumika upande mmoja, akapiga hesabu upya kwa mkono. Ikilingana, aliweka alama ya vema kwenye kona. Isipolingana, hakuna aliyekunywa chai mpaka kosa lipatikane.

"Mama Njuki, hiyo kompyuta ilinunuliwa kwa nini?" meneja wake, Lennox, alizoea kumuuliza. Lennox alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mwepesi wa maneno, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za matope.

"Ilinunuliwa iandike haraka," Ednah alijibu. "Kufikiri bado ni kazi yangu."

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa darasa la sita na mtu aliyekuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka ukuta wa darasa ukaijua: "Hesabu isiyothibitishwa ni uvumi." Huyo alikuwa Mwalimu Gichovi. Mtoto akileta jibu sahihi bila uthibitisho, Mwalimu alimpa nusu ya alama na kumwambia akatafute nusu nyingine nyumbani. Ednah, ambaye sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mwanawe Njuki chuoni, bado aliitafuta hiyo nusu nyingine kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu naye alikuwa amestaafu. Aliishi mtaa wa Majimbo katika nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga kwa miaka kumi na saba, chumba kimoja kimoja, kwa sababu hakukubali kukopa hata mfuko wa saruji. Wenzake walichukua mikopo ya walimu, wakamaliza nyumba zao kwa mwaka mmoja na kumcheka. Yeye alilala chini ya mabati matupu bila dari mpaka dari ilipopatikana kwa pesa taslimu. Mtu anaweza kusema huo ni ukaidi. Mimi nasema ni afadhali ukaidi wa namna hiyo kuliko wepesi tunaouona siku hizi, mtu anakopa kwa simu asubuhi ili alipe alichokopa kwa simu jana.

Na jambo hilo la simu lilikuwa limeingia hata nyumbani kwa Mwalimu. Binti yake, Kinya, aliyepewa jina la nyanya yake wa upande wa Meru, alikuwa amenaswa miaka mitatu nyuma na mikopo hiyo ya simu. Ilianza kama mia tano, ikaishia elfu arobaini na kitu, na wakopeshaji wakawa wanampigia baba yake simu akiwa kanisani. Mwalimu aliuza ng'ombe mmoja, akalipa, kisha akamwambia binti yake maneno ambayo hatutayarudia hapa. Kinya aliapa kuwa hatakopa tena. Hakukopa. Alijifunza kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, kazi inayoletwa na kurudishwa kwa intaneti, na mama yake alipofariki alihamia Majimbo kukaa na baba. Alipika, alifanya kazi chumba cha nyuma, na jioni walibishana juu ya habari za redio. Mwalimu hakuwahi kusema kwamba alifurahi. Lakini majirani walisema ameanza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu.

Mwezi wa Juni kazi ya Kinya iliongezeka. Kifurushi cha intaneti walichokuwa nacho, ambacho kampuni ilikiita Kijito, kilikuwa chembamba. Faili moja ilichukua saa nzima kupanda mtandaoni. Basi tarehe kumi na moja alipiga simu ofisini, akiwa na ruhusa ya baba yake, kwa maana laini ilikuwa kwa jina la Mwalimu, akaomba wapandishwe kwenye kifurushi kikubwa kinachoitwa Mto. Ednah mwenyewe ndiye aliyeipokea simu hiyo. Alibonyeza, Kijito kikawa Mto siku ileile, naye akapiga hesabu kwenye karatasi yake na kuweka vema kwenye kona.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi bili zilitumwa kwa meseji. Jumatatu asubuhi, baridi ya Embu ikiwa imelalia madirisha, Ednah alifungua orodha ya waliolipa na akasimamisha kikombe cha chai njiani kuelekea mdomoni.

"Lennox, njoo uone. Mwalimu Gichovi alidaiwa elfu tatu na mia nane. Amelipa elfu sita na mia mbili."

Lennox aliinama juu ya bega lake, akacheka. "Huyo ndiye mteja wa mbinguni! Tungepata kumi kama yeye, tungehama jengo hili lisilo na lifti."

"Amelipa zaidi kwa elfu mbili na mia nne."

"Iache hapo kwenye akaunti yake. Itakula bili ya Agosti. Wewe Mama Njuki unatafuta kichwa cha nyoka kwenye ugali."

Ednah aliirudia orodha kwa kidole. Elfu mbili na mia nne. Nambari hiyo ilimkera, kama mtu unayemjua kwa sura lakini jina limekukimbia. Mwalimu Gichovi hakuwa mtu wa kubonyeza vibaya. Alikuwa hajaipata maana yake bado mlango uliposukumwa na Mwalimu mwenyewe akaingia, akihema kwa ngazi, koti la sufu limefungwa mpaka kidevuni, kofia na fimbo mkononi, na chini ya kwapa daftari la mistari ya miraba.

Ednah alisimama. Miaka thelathini na saba ilikuwa imepita, na bado magoti yake yalijua wakati wa kusimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ruguru. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Nimekuja kuuliza mambo mawili. La kwanza, nani amekopa kwa jina langu? La pili, mtaikata lini hiyo laini, maana nataka ikatwe leo."

"Kukopa, Mwalimu? Hapa hatukopeshi mtu."

Mwalimu alifungua daftari juu ya meza. Alikuwa ameinakili meseji yote kwa mwandiko wake mnyoofu wa ubaoni, kila mstari mahali pake:

Bili ya Julai.
Mto, 11 hadi 30 Juni - 2,000
Mkopo, Kijito - 1,200
Mto, Julai - 3,000
Jumla - 3,800

"Soma mstari wa pili," alisema.

Ednah alisoma, na masikio yake yakaanza kupata joto.

"Mkopo," Mwalimu alisoma kwa niaba yake, akiligonga neno kwa kidole. "Elfu moja na mia mbili. Nimeishi miaka sabini na mbili, Ruguru. Sijakopa sukari kwa jirani. Nikajumlisha: elfu mbili, na elfu moja na mia mbili, na elfu tatu. Ni elfu sita na mia mbili. Nyinyi mmeandika elfu tatu na mia nane. Nikasema, hawa watoto hata kujumlisha wamesahau, wanajiibia wenyewe. Nikalipa yote palepale Jumamosi. Deni likiwa la kweli au la uongo, halitalala nyumbani kwangu."

Lennox alikohoa nyuma ya kompyuta yake.

"Halafu nikamuuliza Kinya, umekopa tena? Akaniambia, 'Baba, hiyo ni krediti tu.' Krediti tu! Krediti si ndiyo deni? Dukani kwa Mbaka imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, 'Krediti kesho', na hakuna mtu anayeuliza maana yake. Nikamwambia, mara ya kwanza niliuza ng'ombe, sasa unataka niuze nini?" Mwalimu aligeuza kofia mkononi. "Jana hakula. Leo amefunga mfuko wake. Saa sita anaondoka kwenda Meru kwa tata yake Kathambi, yule dada ya marehemu mke wangu anayeuza viazi sokoni Gakoromone. Amesema kwangu hawezi kukaa tena, kwa sababu hata akifa nitamkagua mifuko."

Alisema maneno hayo ya mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma jibu la mwanafunzi bila kujua kama ni sahihi.

Sasa Ednah aliijua ile elfu mbili na mia nne. Ilikuwa elfu moja na mia mbili mara mbili. Kitu kilichopaswa kutolewa, Mwalimu alikuwa amekijumlisha. Na kilichomfanya akijumlishe kilikuwa neno moja, na neno hilo alilijua lilikozaliwa.

Mwezi wa Machi wateja walikuwa wamelalamika kwamba meseji za bili ni za Kiingereza na hazieleweki. Lennox alisema, Mama Njuki, wewe una diploma na Kiswahili chako ni cha vitabu, zitafsiri. Alizitafsiri mchana mmoja, na alipofika kwenye lile neno la pesa anazorudishiwa mteja, ambalo mashine iliita krediti, hakufikiri mara mbili. Krediti ni mkopo. Akaandika mkopo. Akathibitisha nambari zote mia nne kwa penseli, na neno moja hakulithibitisha.

Lennox aliinama kutoka kiti chake, akanong'ona, "Mwambie ni kompyuta. Kompyuta haina uso."

Tuseme ukweli: lilikuwa shauri lenye utamu. Mwalimu asingejua. Heshima ya mwanafunzi wake ingebaki nzima, na mashine isingelalamika. Watu wengi wazuri huangukia mahali kama hapo, si kwa wizi, bali kwa kumsukumia kosa yule asiyeweza kujitetea.

"Mwalimu," Ednah alisema, "Kinya hajakopa. Hakuna aliyekopa. Neno hilo nililiandika mimi, na ni neno baya."

Mwalimu alimtazama. "Wewe?"

"Mimi. Hizo elfu moja na mia mbili si deni lako kwetu. Ni pesa zako, tulizokuwa tunakurudishia. Nilipaswa kuandika hivyo. Nikaandika mkopo."

"Pesa zangu." Mwalimu hakuonyesha kuamini wala kukataa. Alivuta kiti hatimaye, akaketi, akamsogezea daftari na kalamu ya risasi. "Nionyeshe. Usiniambie, nionyeshe."

Ednah alishika kalamu.

"Tarehe moja Juni ulilipia Kijito mwezi mzima, mbele. Elfu moja na mia nane. Juni ina siku thelathini. Kila siku ni shilingi ngapi?"

"Usiniulize maswali ya darasa la nne. Sitini."

"Sitini. Ukatumia Kijito tarehe moja mpaka kumi. Siku kumi. Tarehe kumi na moja Kinya akaomba Mto, na siku hiyohiyo tukawapandisha. Kwa hiyo Kijito mliacha kukitumia, lakini ulikuwa umeshakilipia mpaka mwisho wa mwezi. Zilibaki siku ngapi ulizolipia na hukuzitumia?"

"Kumi na moja mpaka thelathini. Ukihesabu na kumi na moja yenyewe, ishirini."

"Tunaihesabu, kwa sababu siku hiyo ni ya Mto tayari. Siku ishirini kwa sitini."

"Elfu moja na mia mbili." Mwalimu alisimamisha kidole hewani. Macho yake yalishuka kwenye mstari wa pili wa meseji, yakapanda tena.

"Hizo ndizo zako," Ednah alisema. "Hatuwezi kukutoza siku moja mara mbili, Kijito na Mto pamoja. Kwa hiyo zile za Kijito tunazitoa. Sasa Mto. Mto ni elfu tatu kwa mwezi. Kwa siku?"

"Mia moja. Kwa siku ishirini, elfu mbili. Huo ni mstari wa kwanza."

"Elfu mbili ndiyo gharama mpya. Toa elfu moja na mia mbili tunazokurudishia."

"Mia nane."

"Mia nane ndizo zilizobaki kulipwa kwa Juni. Mashine yetu haiziombi siku ileile ya kupanda. Inazingoja, inaziunganisha na bili inayofuata. Na Julai unailipia mbele kama kawaida, Mto mwezi mzima, elfu tatu. Elfu tatu na mia nane."

Mwalimu hakusema sawa. Alilichukua daftari, akaligeuza upande wake, akaanza kuandika peke yake, midomo ikitembea. Ednah aliufahamu ule utulivu. Alikuwa anatafuta nusu nyingine.

"Juni yote kwa ukweli wake," alinung'unika. "Siku kumi za Kijito kwa sitini, mia sita. Siku ishirini za Mto kwa mia, elfu mbili. Juni ilinigharimu elfu mbili na mia sita. Nilitoa elfu moja na mia nane. Inabaki..." Aliweka kalamu chini. "Mia nane."

"Mia nane, Mwalimu."

"Imethibitika." Akakiangalia kile kistari kidogo kilichosimama mbele ya elfu moja na mia mbili. "Na hiki ni cha kutoa?"

"Ni cha kutoa."

"Kila mstari una kistari! Mtoto atajuaje kipi ni pambo na kipi ni cha kutoa?"

"Hatajua. Nalo ni kosa langu."

Lennox, ambaye alikuwa na moyo mwema chini ya maneno yake mepesi, alisimama. "Mwalimu, ile elfu mbili na mia nne yako iko salama. Tunaweza kuiacha kwenye akaunti, ikalipie Agosti, na bado utadaiwa mia sita tu. Hakuna haraka."

"Kijana, unaitwa nani?"

"Lennox."

"Lennox, mimi sikopi. Kwa nini unafikiri nakopesha? Nirudishie leo."

"Itarudi leo," Ednah alisema kabla Lennox hajafungua mdomo, na Lennox akaketi kutia sahihi.

Ndipo Mwalimu alipotazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Uso wake ulibadilika polepole. Alitoa simu, akapiga, akasikiliza, akapiga tena.

"Amezima," alisema. Kisha, bila kumtazama Ednah: "Nilimwambia mbele ya picha ya mama yake. Nilisema, mama yako angekuwa hai angeona haya."

Kuna maneno ambayo hayana kistari cha kutoa, na Mwalimu alilijua hilo kuliko sisi.

Alivaa kofia. "Ruguru, twende. Wewe ndiye uliyeliandika, wewe ndiye utakayelisema."

"Mama Njuki, na simu zikilia?" Lennox aliuliza.

"Zipokee. Na uwatafute waliopanda kifurushi tangu Machi, tuone nani mwingine alijumlisha. Karatasi zao ziko kwenye faili ya kijani, zenye vema kwenye kona."

Walitembea kwa miguu, kwa sababu Majimbo si mbali, na kwa sababu Mwalimu alikuwa na jambo la kuuliza ambalo alihitaji barabara kuliuliza. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Mzee alitembea haraka kuliko umri wake, fimbo ikigonga lami.

"Wewe hukuweza kusema ni mashine?" aliuliza hatimaye. "Yule kijana alikunong'oneza. Masikio yangu bado yapo."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Ungenipa nusu ya alama."

Mwalimu aliguna kitu kilichofanana na kicheko. Walipita duka la Mbaka, na maandishi mekundu yakiwa palepale ukutani, Krediti kesho. Mwalimu aliyatazama kwa chuki kana kwamba yalikuwa yamemdanganya yeye binafsi.

"Utaandika nini badala yake?"

"Nilikuwa nafikiria salio."

"Salio ni kilichobaki. Hiki hakikubaki, kinarudi. Andika 'Tunakurudishia'. Mwanamke asiyejua kusoma vizuri akisomewa na mtoto wake, ataelewa. Na uandike 'toa', kwa herufi. Achana na vistari."

"Ndiyo, Mwalimu," Ednah alisema, akamtumia Lennox maneno hayo palepale kwa simu.

Kinya alikuwa langoni. Mfuko mkubwa wa nguo ulikuwa miguuni pake, na begi la kompyuta begani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mrefu kama mama yake, macho yamevimba. Bodaboda aliyemwita alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, akitafuna majani ya muguka na kungoja.

"Anti Ednah," alisema kwa adabu, na kwa baba yake hakusema kitu.

"Kinya, nimekuja kukuomba radhi," Ednah alisema. "Ule mkopo kwenye bili haukuwa mkopo. Ni pesa za Kijito za siku ishirini ambazo hamkuzitumia, tulikuwa tunawarudishia. Mimi ndiye niliyeandika neno lisilo lake."

"Nilimwambia," Kinya alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimwambia ni krediti. Nikamwambia angalia jumla, jumla ni ndogo, basi haiwezi kuwa deni. Akasema jumla imekosewa. Kompyuta ikosee, kampuni ikosee, dunia nzima ikosee, lakini mimi niwe nimekopa. Anti, si neno. Ni kwamba alikuwa amelingoja."

Mwalimu alisimama mbele ya lango lake mwenyewe kama mgeni. Watu waliomjua wangesema angetafuta methali, au angenyamaza, au angemwambia mwenye pikipiki aondoke kisha asubiri binti atii. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua daftari kwenye ule ukurasa, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, ile ya kusahihishia, ambayo alikuwa bado anaibeba miaka kumi na miwili baada ya kustaafu, na akaandika akiwa ameegemeza daftari kwenye nguzo ya lango. Kisha akampa Kinya.

Ednah, aliyesimama karibu, aliona. Chini ya hesabu yake ya penseli palikuwa pameandikwa: Ruguru, 9/10, hesabu safi, neno baya. Chini ya hapo: Kinya, 10/10, alithibitisha kwa jumla. Na chini kabisa: Baba, 0/10. Alijumlisha badala ya kutoa. Arudie kazi yote.

Kinya alisoma. Alisoma tena. Akafuta pua kwa kiwiko cha sweta kama mtoto.

"Kazi yote?" aliuliza.

"Tangu ng'ombe," Mwalimu alisema. "Ng'ombe yule alilipa deni. Mimi niliendelea kukudai miaka mitatu. Na nimekuwa nikisema mimi si mtu wa madeni." Akavua kofia. "Na mama yako asingeona haya. Hilo nalifuta mbele ya mtu, kwa sababu nililisema kwa sauti. Nisamehe, Kinya wangu."

Mwenye pikipiki alitema kando. "Madam, tunaenda ama hatuendi? Nina mteja mwingine wa kwenda sokoni."

Kinya alimtazama, akamtazama baba yake, akautazama mfuko. "Nenda umchukue huyo mteja," alisema. "Lakini nitampigia tata Kathambi simu nimwambie yote. Atakusema, Baba. Utamsikia mpaka hapa bila simu."

"Nastahili," Mwalimu alisema. "Aanze tu."

Aliinama kuuinua mfuko. Ulikuwa mzito, na Ednah alinyoosha mkono amsaidie, lakini Kinya alimshika kiwiko kimyakimya, akamzuia. Wakamwacha mzee aubebe mwenyewe, akipumzika mara mbili kwenye njia ya mawe, mpaka mlangoni, mpaka ndani.

Simu yake ililia mfukoni akiwa bado anahema. Ilikuwa meseji. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, ili wote wawili waliokuwa nje wasikie:

"Tunakurudishia shilingi elfu mbili na mia nne ulizolipa zaidi." Akaihesabu kichwani. "Sawa," alisema kutoka ndani. "Kinya, njoo uithibitishe."